Kanga Mdomoni mwa Feni

Wiki nzima kule Mbeya nilihangaika na mahali nisipoweza kupaona: katikati ya waya. Nilikuwa nimeunda mashine ya kukaushia mpunga, ambamo feni hupuliza hewa kwenye waya unaopita umeme. Waya kama huo huzalisha joto mwili mzima, lakini joto lenyewe hutoka nje kupitia ngozi tu, linapochukuliwa na hewa. Kwa hiyo penye moto zaidi ni kiini. Nilikokotoa, nikapata kiini kinaizidi ngozi kwa kiasi kisichofika hata nyuzi moja ya joto. Sikuamini. Nikakokotoa tena.

Kisha, kijijini Ubaruku, uani kwa mama, niliiwasha mashine nikaenda kuchota mpunga. Niliporudi, feni ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, na waya ambao haukupaswa hata kubadilika rangi ulikuwa mwekundu. Nilirukia swichi, mpunga ukamwagika.

Mama alikuwa ameziba mdomo wa feni kwa kanga. "Vumbi lote hili, mwanangu, si lingekuharibia mashine?"

Nilitaka kufoka, lakini nikaivuta kanga tu. Umeme ulikuwa uleule. Kiini na ngozi vilikuwa bado vinapishana kwa kile kipande cha nyuzi. Vilikuwa vimepanda pamoja, kwa kukosa hewa ya kuvipunguzia joto. Kiini nilikijua mpaka desimali ya tatu. Upepo niliuandika kama namba moja isiyobadilika, nikasonga mbele, na haikunijia hata mara moja kwamba mama anaweza kuifunika namba hiyo kwa kanga.