Yai Kwenye Ramani

Fundi mwashi aliyeitwa Timazi hakupewa jina hilo na wazazi. Alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu kila ukuta aliojenga aliuning'inizia kamba yenye jiwe, yaani timazi, akafumba jicho moja, akanung'unika. Ukuta ukiwa umekwenda kando hata unene wa ukucha, anaubomoa, na aliyekuwa akimsaidia anaanza kutafuta kisingizio cha kwenda nyumbani. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mikono kama msasa, maneno machache, na yale machache yenyewe ni ya kugomba.

Alikuwa na aibu moja tu katika kazi. Miaka sita nyuma mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa ndiyo kwanza amehitimu kuchora ramani za majengo. Alimpa mama yake mdogo mchoro wa ngazi. Timazi aliutupia jicho mara moja, akasema ngazi anazijua tangu binti hajazaliwa, akajenga kwa kukadiria. Kipandio cha mwisho kikazidi vingine kwa sentimita nne. Kila aliyepanda pale alijikwaa, na kila aliyejikwaa alimlaumu mchoraji. Binti aliibeba lawama ile. Timazi alikula kiapo kimyakimya: mchoro wa mpwa wake ataufuata kama ulivyo, hata ukimwambia ajenge juu ya mti.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Dada yake Timazi, fundi cherehani, alianguka akaumia mgongo, na miguu ikakataa kazi. Alikuwa na wiki ya kumi na moja hospitalini, na Ijumaa angeruhusiwa kurudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba yake ilikuwa na stoo kubwa ya zamani, sakafu ya saruji, mlango mpana kama wa gereji. Mpango ulikuwa kukata kona moja ya stoo kwa kuta mbili za matofali, kipatikane chumba chake. Dada alitaka jambo moja tu, na alilisema mbele ya watu wote.

"Hapa wodini kila mtu anaingia anavyotaka. Anayenifunua, anayenigeuza, anayepita tu. Wiki kumi na moja hakuna aliyenipigia hodi. Nataka chumba niingie mwenyewe na nifunge mlango mwenyewe. Nikibebwa kama gunia, nirudisheni hukuhuku."

Mpwa, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alichora ramani, akamletea mama yake hospitalini karatasi yenyewe alipokuja kumwona. Shemeji, yaani mume wa dada, akaipiga picha kwa simu akamtumia Timazi. Timazi akaipeleka picha kwenye duka la kuchapa, ikatoka kwenye karatasi ya kawaida. Mstatili wa chumba, pengo la mlango, na chini pembeni maandishi safi kabisa: KIPIMO 1:50.

"Moja kwa hamsini," alisema Timazi, akatoa rula. Hesabu hiyo haikumpiga chenga. Kila milimita ya karatasini ni milimita hamsini za ukuta.

Akapima ukuta wa mbele, wenye mlango. Milimita hamsini na moja, yaani mita mbili na nusu na ushee. Akapima ukuta wa nyuma, ambao kwa akili ya kawaida ungekuwa sawa na wa mbele. Milimita arobaini na nane. Akafuta miwani kwa kanga, akapima tena. Arobaini na nane. Kina cha chumba kikawa mita moja na sentimita tisini.

"Shemeji, hiki chumba kimebanwa nyuma," alisema. "Kama sanduku lililokaliwa."

Shemeji alikuwa akikoroga udongo wa saruji wa kujengea matofali kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. "Wasomi hao. Labda ndiyo mtindo."

"Na mlango sentimita sitini na tano?"

"Si ndiyo nasema, mtindo."

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha Timazi usingizi wa mchana. Katikati ya chumba palichorwa umbo la mistari ya vipandevipande, lenye sura ya yai, milimita ishirini na moja kwa kumi na tisa. Yai la nini? Shimo la maji? Zulia? Shemeji alisema ni meza. Timazi akauliza meza gani inachorwa kwa mistari iliyokatika, shemeji akasema meza ya kukunja. Na pembeni kabisa, picha ilipoishia, zilibaki sifuri mbili peke yake, "00", bila namba mbele yake.

Angeweza kumpigia mpwa. Mara mbili aliishika simu. Lakini angeanzaje? Baada ya ile ngazi, amuulize binti wa watu kama anajua kuchora mstatili? Akaiweka simu mfukoni. Akapiga moyo konde, akavuta kamba zake kama karatasi ilivyosema, ukuta wa pembeni ukienda mshazari, na kila tofali alilolaza lilimuuma roho. Hadi Jumanne jioni alikuwa na kozi nne, yaani mistari minne ya matofali, zimenyooka kama sindano, katika umbo ambalo hakulielewa hata chembe.

Jumatano asubuhi kiti cha magurudumu kililetwa mapema ili wakizoee. Shemeji akakisukuma kuelekea pengo la mlango. Kiti kikagonga tofali kulia. Akakirudisha, akakisukuma tena. Kikagonga kushoto.

Timazi alipima kiti. Sentimita sitini na saba.

Akilini alimwona dada yake amekwama hapo, nusu ndani nusu nje, watu wakimnyanyua makwapani. Akataka kukasirika ila hakujua amkasirikie nani. Mchoro aliufuata. Rula haikuwa na kosa. Ukuta wake ulikuwa wima. Kila kitu kilikuwa sahihi na mlango haukupitika.

"Labda kiti kimevimba," alisema shemeji.

Timazi hakucheka. Alikalia kile kiti nje ya kuta, palipokuwa na mchanga uliomwagika sakafuni, akashika magurudumu, akajigeuza pale pale ili aone mgonjwa atageukaje. Aliposhuka, mchangani palikuwa na alama. Gurudumu lilikuwa limechora duara. Akaliangalia. Akaliangalia tena. Kisha akaiendea ile karatasi, akalitazama yai.

"Si meza," alisema taratibu. "Ni kugeuka. Ni nafasi ya kiti kugeuka."

"Mbona duara lako si yai?"

"Hapo sasa! Hakuna kiti kinachogeuka kwa umbo la yai. Mpwa wangu alichora duara." Akaishika karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba ingemng'ata. "Nani kaliminya?"

Wakaenda hospitalini muda huohuo, na saruji kwenye kucha. Dada alikuwa ameketi kitandani, na ramani halisi imelala juu ya mapaja yake. Timazi alijua sasa kwa nini shemeji alituma picha badala ya karatasi: dada hakuitoa mkononi. Aliitazama asubuhi na jioni kama mtu anayetazama picha ya mjukuu.

Timazi akaweka karatasi yake juu ya ile. Ile ya dada ilikuwa karatasi kubwa, mara mbili ya yake, chumba kimejaa, duara ni duara. Na pembeni chini, maandishi yaleyale: KIPIMO 1:50.

"Zote mbili moja kwa hamsini," alisema. "Ipi inasema kweli?"

"Hii yangu," alisema dada. "Kwani hiyo yako ni ramani? Hiyo ni picha ya ramani. Mdogo wangu, ungenikatia mtu gauni kwa kupima picha ya kigezo changu cha kukatia?"

"Aah, hapana. Linatoka gauni la mwanasesere."

"Sasa? Ramani ikasinyaa, maandishi yakabaki yaleyale. Maandishi hayajui kwamba karatasi imekuwa ndogo. Binti alinieleza alipoileta. Alisema ile moja kwa hamsini ni ya karatasi hii tu, na hata hii usiipime kwa rula, soma namba."

"Namba zipi? Mimi nina sifuri mbili tu."

Dada akaonyesha kwa kidole. Nje ya kuta za mchoro, kando zote mbili, namba zilikuwa zimepangwa vizuri, na chini yake mstari mfupi uliogawanywa vipande vya mita mojamoja. Wote wawili wakamgeukia shemeji.

Shemeji alitazama viatu vyake. "Niliipiga hapohapo ilipolala, nikiwa nimesimama huku miguuni. Blanketi likaonekana, na mguu. Sikutaka watu waone mguu wa mke wangu. Nikakata pembeni."

Hakuna aliyemgombeza. Dada alimshika mkono, akauacha.

"Ndiyo maana nyuma imebanwa," alisema Timazi, akiona kila kitu kwa mara moja na akitamani kulia kwa hasira na nafuu pamoja. "Simu iliinama. Kilichokuwa karibu nawe, shemeji, kikatoka kikubwa, cha mbali kikanywea, na duara likaminywa likawa yai. Basi hata nikitafuta kipimo kipya cha picha yote sikipati. Mbele pana kipimo chake, nyuma pana chake."

"Huo mstari wa chini ungebaki ungekusaidia," alisema dada, "maana ungesinyaa pamoja na picha. Lakini kwa mwinamo huo, hata wenyewe ungesema kweli ya pale ulipo tu. Toa kalamu."

Timazi akatoa kalamu. Akainama ili asome, lakini dada alikuwa ameshafumba macho.

"Upana, mita tatu na sentimita sitini, mbele na nyuma sawa. Kina, mita tatu kamili. Duara la kugeuka, mita moja na nusu. Mlango, sentimita tisini."

Wiki nzima dada alikuwa akiishi, akilini mwake, ndani ya chumba ambacho Timazi alikuwa akikijenga kwa umbo la sanduku lililokaliwa.

Kozi nne zikabomolewa mchana uleule, udongo wa saruji bado mbichi, tofali moja moja likigongwa na kusafishwa. Timazi alimpigia mpwa, akamsomea zile namba, kisha, bila kuulizwa, akaomba radhi kwa habari ya ngazi. Binti alicheka hadi simu ikakoroma. Alhamisi Timazi alijenga kutwa nzima, kuta zikaishia kimo cha mtu na kidogo zaidi, juu pakabaki wazi. Ijumaa asubuhi mlango ulipachikwa, na komeo likawekwa chini, usawa wa mkono wa mtu aliyeketi.

Dada aliletwa adhuhuri. Shemeji alishika vishikio vya kiti kwa nyuma, dada akampiga kofi dogo kwenye vidole. Akasukuma magurudumu mwenyewe. Kiti kikapita, kushoto pamebaki nafasi ya kiganja, kulia vilevile. Kikafika katikati ya chumba, kikageuka polepole, nusu duara, hakikugusa kitu. Uso wa dada ukarudi ukawatazama, kisha akausogelea mlango, akaufunga mwenyewe.

Komeo likasikika likiingia.

Wale wawili walibaki wamesimama nje, hawajui wafanye nini na mikono yao. Timazi aliona mlango unaanza kuyeyuka kwa machozi yake.

Kisha sauti ikaja kutoka ndani.

"Haya. Sasa pigeni hodi."