Mwezi Haukuandama, Posti Ikaenda

Ukija saiba yetu ya intaneti hapa Kangemi, upande wa soko, utanikuta kwenye kompyuta ya pembeni nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi. Diploma yangu ya mawasiliano iko nusu, kama chapati iliyogeuzwa upande mmoja. Lakini barua zangu zimeingiza watu kwenye maghorofa ya Upper Hill ambako mimi mwenyewe askari wa langoni hawezi kuniruhusu hata niulizie choo.

Munyiva Musili hakutaka barua yangu. Alitaka kompyuta, na kimya.

"Sasa, Munyiva?"

"Poa. Usinisomee begani."

Bila shaka nilimsomea begani. Kampuni moja ndogo ya matangazo kule Muthangari ilikuwa inatafuta msaidizi wa kuendesha kurasa za wateja mitandaoni: kupanga posti ziende zenyewe kwa saa zake, na kutengeneza ripoti bila kuanza upya kila wiki. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku hiyo, saa kumi na moja jioni. Munyiva aliitaka kazi hiyo mpaka alikuwa amepiga pasi blauzi, na mahojiano hata hajaitiwa.

Huyu dada nimemjua tangu akimsaidia shangazi yake kuuza sukuma wiki. Baadaye akapata kibarua cha kubeba majora ya vitambaa kwa Bwana Hanif, muuza mapazia wa Biashara Street, mjini. Siku moja akapiga picha pazia la kijani likiwa limeangukiwa na jua, akaiweka kwenye ukurasa wa duka, ambao ulikuwa umelala tangu mpwa wa Hanif aufungue. Watu wakaja wakiuliza lile la kijani. Hanif akamwambia, "Binti, majora atabeba mwingine."

Mengine alijifundisha kwa video, simu ikiwa na ufa katikati. Kila Jumatatu alijaza jedwali: tarehe, saa, picha, maneno. Kisha akaziingiza posti za wiki nzima kwenye kipanga ratiba cha Facebook na Instagram, zikawa zinatoka zenyewe yeye akiwa kanisani au akifua. Ripoti nayo aliifanyia ujanja. Alipakua faili la takwimu, akalimwaga kwenye jedwali, fomula zikajumlisha, na kiprogramu kifupi alichokiandika kikamtumia Hanif barua pepe: posti ipi ilipendwa, ipi ilipuuzwa. Hanif aliichapisha na kuibandika karibu na meza ya kupimia vitambaa, kana kwamba ni cheti cha shule.

"Andika kila kitu kinajiendesha," nikamshauri. "Mwajiri anapenda kusikia mashine."

"Faili napakua kwa mkono."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Hanif, na sauti yake haikuhitaji spika.

"Munyiva! Mwezi umeuona wewe peke yako huko Kangemi?"

Munyiva akafungua ukurasa wa duka. Posti ilikuwa imetoka alfajiri, nzuri ajabu, mwezi mwembamba juu ya pazia jeupe: *Idi Mubarak! Leo tumefunga duka tusherehekee na familia.* Shida ni kwamba mwezi haukuandama jana yake. Waislamu wa mji mzima walikuwa wanakamilisha siku ya thelathini, na hiyo ndiyo siku ambayo kila mama anakumbuka kwamba sebule yake haina pazia jipya. Duka la Hanif lilikuwa wazi, vitambaa hadi mlangoni, na ukurasa wake mwenyewe ulikuwa unawaambia wateja wasije. Chini ya posti mtu ameandika: *Hanif, wewe unafuata mwezi wa nchi gani?*

Tarehe Munyiva aliitoa kwenye kalenda ya ukutani ya shangazi yake, ile ya duka la mbolea. Kalenda ilikuwa na kinyota, na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: kutegemea kuandama kwa mwezi. Wao ni Wakamba wa kanisani, Krismasi haijawahi kuwategemea waangalie juu. Kinyota hakikuingia kwenye jedwali.

Nilitaka kucheka, nikamtazama uso, nikaahirisha.

Hakulia, wala hakujitetea. Alifuta posti kwenye kurasa zote mbili, akasitisha ya kesho iliyokuwa inasubiri kuwashukuru wateja kwa kusherehekea nao, kisha akampigia Hanif.

"Bwana Hanif, samahani. Nimeitoa. Naomba usimame mlangoni, upigwe picha sasa hivi, duka lionekane liko wazi."

"Nimefunga, mdomo umekauka, bado unataka nitabasamu?"

"Usitabasamu. Simama tu."

Picha ilikuja. Hanif amesimama kati ya majora kama mtu anayesubiri kupigwa sindano. Munyiva akaandika: *Posti ya asubuhi ilikuwa kosa letu. Mwezi haujaandama, duka liko wazi mpaka magharibi. Karibuni.* Kisha akakaa akimjibu kila aliyeuliza, mmoja mmoja, kwa mkono, mpaka chai niliyomletea ikafanya ngozi.

Alipoirudia barua, nilimwambia neno moja la hekima yangu: hiyo ya leo iache nje. Barua ya kazi si kitubio.

"Na nikiitwa, nikapewa kurasa za wateja kumi, halafu nifanye hivi hivi?"

Nikamwondolea kikombe cha chai iliyopoa, apate nafasi.

Alifungua jedwali kwanza, si barua. Akaongeza safu moja, akaiita *Inasubiri nani?* Posti yoyote inayotegemea neno la mtu, tangazo la mwezi, matokeo ya mechi, mzigo ulioko bandarini, haipewi saa. Inakaa rasimu, na jina la mwenye neno kando yake. Ndipo akarudi kwenye barua. Ilikuwa ya Kiingereza kama zote, nawapa maana. Aliandika kwamba anaweza kupanga wiki nzima mapema, kwamba ripoti yake hujijumlisha na kujituma, ila faili bado hulipakua mwenyewe. Halafu: *Leo asubuhi ratiba yangu ilitangaza sikukuu ambayo haikuwa imefika. Niliondoa posti na kusahihisha. Nimeambatisha jedwali, pamoja na safu niliyoiongeza ili kosa lisijirudie.*

Kilichobaki ni mdhamini. Alikuwa na mmoja tu wa kazi hiyo. Akampigia, akaomba ruhusa ya kuandika namba yake.

"Andika," Hanif akasema. "Lakini wakiniuliza, nitawaambia yote."

"Waambie, Bwana Hanif."

Akatuma. Saa kumi na moja ilikuwa bado kidogo.

Wiki iliyofuata alisubiri simu. Mimi niliandikia watu barua za kujisifu na nikaona, kwa mara ya kwanza, jinsi zilivyofanana. Halafu akaja na blauzi ile ya pasi. Mkubwa wa ile kampuni ya Muthangari, Carolyne, alikuwa amemhoji, na karibu muda wote waliutumia kwenye ile safu moja, Carolyne akimuuliza angeandika humo jina la nani kwa mteja wa hospitali, nani kwa mteja wa shule.

"Na Hanif walimpigia?"

"Walimpigia nikiwa pale pale. Carolyne akaweka spika."

"Akasema?"

Munyiva akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu.

"Akasema, 'Mashine yake ilinifungia duka siku ya mwisho ya mfungo.' Carolyne akaniangalia. Halafu Hanif akasema, 'Yeye mwenyewe akalifungua kabla ya adhuhuri, na mimi nikauza mpaka pazia la dirisha langu mwenyewe.'"

Anaanza Jumatatu, kwa majaribio. Amenunua kalenda mpya, na kinyota amekizungushia wino mwekundu.