Kadi Kwanza, Salamu Baadaye

Miaka kumi na moja Bi Kalamu alikuwa akihariri jarida la chama cha wauguzi wastaafu, na mwaka huu mwili ulianza kumdai. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na mumewe aliacha kuuliza, "Bado tu?" Alimsogezea chai, akaenda zake.

Mchana huo mezani palikuwa na makaratasi kumi na saba ya wanakamati. La juu, kama kawaida, salamu za Mwenyekiti: kurasa mbili na picha. Zikafuata ratiba ya kikao, vipimo vya fulana, mwavuli uliosahaulika ukumbini. Alisoma akipiga miayo, hadi la kumi na nne. Mistari miwili ya Katibu: wenye kadi za matibabu za zamani wazihakiki kabla ya tarehe thelathini, la sivyo hospitali haitawapokea.

Usingizi ukamtoka. Akampigia Katibu.

"Barua yenyewe ya hospitali unayo? Nisomee."

Karatasi zikachakarisha. "Mwisho ni... lo! Tarehe ishirini na tatu, dada. Thelathini ndiyo wanafunga mahesabu yao."

Zilibaki siku tisa.

Bi Kalamu akaandika kichwa kipya kwa herufi nene: KADI ZA ZAMANI: MWISHO TAREHE 23. Aya ya kwanza ikasema nani, wapi, saa ngapi, na aje na nini. Salamu akazipunguza hadi mistari sita, ukurasa wa pili. Kikao, fulana na mwavuli akavikusanya hapo hapo chini ya salamu, kwa kichwa kimoja: Matangazo ya Kawaida. Tanzia ya mwenzao aliyefariki akaipa kisanduku chake. Maiti halazwi na fulana.

Mwenyekiti alipoiona nakala ya kwanza, simu ililia.

"Umenishusha ukurasa wa pili! Mimi na mwavuli, ndugu wamoja?"

"Sijakushusha, Mwenyekiti. Nimeipandisha kadi."

"Siku zote salamu ndizo zinazofungua jarida."

"Na siku zote watu wanafungua, wanaiona picha yako, wanafunika." Alikuwa amechoka mno kupamba maneno. "Wazee wetu wakirudishwa mlangoni, utawapa salamu?"

"Haya. Ila picha ibaki."

Ikabaki, ndogo kama stempu.

Tarehe ishirini na tatu jioni, mkunga mmoja wa zamani alimpigia.

"Tumefika thelathini na mmoja kwenye dirisha la kuhakiki kadi. Mimi miwani yangu imevunjika, nilisoma herufi kubwa tu."

"Zilitosha?"

"Zilinifikisha, mwanangu."

Bi Kalamu akashukuru, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Mwenyekiti hakusema ahsante, wala yeye hakuingoja. Alijilaza kwenye kochi na nguo zake za kutwa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuna neno lililomzunguka kichwani.