Tiketi Ambazo Mama Mbambu Hakuziandika

Pale Maison Wasingya, mtu akipatwa na shida alimtafuta Mama Mbambu. Mashine za kisasa zilikuwepo, tena mpya, lakini Mama Mbambu aliitika haraka kuliko mashine yoyote, na hakumwuliza mtu neno la siri.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, patron Bénit, mwenye Maison Wasingya, muuzaji wa jumla wa unga na mafuta ya kula, alihamia Lubumbashi na familia yake, malori yaliyokuwa njiani, na karani wake Mbambu. Kompyuta kubwa yenye hesabu zote ilibaki kule nyuma, na mpaka leo hakuna anayejua nani ameikalia. Ikabidi kununua système mpya, yaani programu ya hesabu na mizigo, haraka haraka. Timu ya ingénieur Kunda, kijana wa hapa hapa mjini, ndiyo iliyoiweka.

Sasa, mafundi wa kazi hizi, kama ni waungwana, hawawashi système mpya na kukimbia. Wanabaki kando yake wiki kadhaa. Kila kasoro inaandikwa tiketi, inapewa uzito wake na kutibiwa upesi, mpaka mambo yatulie. Kwa lugha yao wanaita hypercare. Wapakiaji wa depo waliita kulela mutoto. Mtoto akishatembea, Kunda na wenzake wangeondoka, na kazi ingebaki kwa support ya kawaida, yaani Mbambu na kijana mmoja mpole aitwaye Kalenga.

Kila asubuhi walikaa mezani kupanga tiketi. P1 ilikuwa ya kazi iliyosimama kabisa, P4 ya mambo ya urembo. Patron Bénit alipenda sana kikao hicho, kwa kuwa alikuwa na P1 yake kila siku.

"Logo yangu iko inapinda ku facture," alisema, akiinua ankara moja. "Tia P1."

"Patron, logo ya kupinda haisimamishe camion hata moja," Mbambu akamjibu, akionyesha malori uwanjani. "Iyo ni P4."

"Nani njo patron hapa?"

"Ni weye, patron. Na camions ni zako."

Patron akacheka, akakubali P4, na kesho yake akaileta tena.

Kumbe uzito halisi ulikuwa unapita pembeni, ndani ya simu ya Mbambu. Malori yalikuwa yanatoka Zambia na unga, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Lori moja likiharibika njiani, mzigo ulihamishiwa lingine. Lakini hati ya mzigo iliyotoka kwenye système iliendelea kuonyesha namba ya lori la kwanza, na mwenye kushughulikia forodha hakutaka hata kuigusa. Dereva alimpigia Mama Mbambu. Mama Mbambu alifungua système, akabadilisha namba kwa mkono, akatuma hati upya, na lori likapita. Dakika chache tu. Nani angepoteza muda kuandika tiketi kwa jambo dogo hivyo?

Tuseme ukweli, alilipenda. Alifika mji huu bila mtu anayemjua, kila mahali akiitwa "ule mama wa Goma". Sasa madereva wote walikuwa na namba yake. Simu ikilia, alihisi ana kwao.

Alhamisi moja Kunda aliwaonyesha mchoro wa tiketi mpya. Mstari ulikuwa umeshuka vizuri mno.

"Hakuna P1 yenye kufunguka, tiketi mpya ziko zinapunguka, Kalenga anajua kazi," alisema. "Masharti tuliyopatana yametimia. Siku ya kwanza, Jumatatu, tunasaini, support inachukua. Shiye tuko na chantier, kazi ingine, ku Kolwezi."

Patron alipiga makofi. Mbambu naye alifurahi, maana kwa sahihi ile angekuwa mkuu wa support.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya mahari ya binti wa dada mmoja wa kanisa lao, huko Naviundu. Mbambu alizima simu kwa heshima ya wakwe, akala, akacheza mpaka kitenge kikalegea. Alipoiwasha, ilitetemeka mpaka akaogopa itakufa. Malori matatu yalikuwa yamelala Kasumbalesa tangu asubuhi, hati zikiwa na namba za malori ya kwanza. Akampigia Mwansa, dereva mkongwe kuliko wote.

"Papa Mwansa, juu ya nini hamukuita Kalenga? Hata tiketi moja hamukufungua."

"Mama, ile formulaire ya tiketi inasema 'incident', kama vile nimefanya kosa, kisha inaomba jina yangu. Miye nijiandikie demande d'explication miye mwenyewe? Tulikuwa tunakungojea weye."

Mbambu alikaa kitako kwenye kiti cha plastiki, na furaha ya sherehe ikamtoka. Kila aliyewahi kuajiriwa nchi hii anaijua demande d'explication: ile karatasi ya kujieleza kwa maandishi kabla hujaadhibiwa. Madereva walikuwa wanakimbia adhabu, na yeye, kwa wema wake, alikuwa amewafungulia mlango wa nyuma. Mstari wa Kunda haukushuka kwa sababu shida zimekwisha. Shida alizimeza yeye mwenyewe. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Akampigia Kalenga abadilishe namba ili malori yapite.

Jumatatu patron alikuja na soda za kusherehekea.

"Siwezi kusaini," Mbambu alisema. "Ingénieur, mchoro wako haidanganye. Miye njo niliidanganya."

Akaeleza yote. Kisha akafungua simu, yeye na Kalenga wakaingiza kila ombi la namba ya lori, moja moja, kwa tarehe yake. Mstari ukapanda juu ukutani. Kunda akaufuata kwa kidole, Kolwezi ikimponyoka.

"Moja moja, ni P3," alisema. "Pamoja, ni chanzo kimoja chenye kusimamisha camions. Hii ni P1, Mama. Ungeniachia nitoroke bila kujua."

Aliongeza wiki mbili. Mafundi wake waligundua kwamba système inashika namba ya lori mara mzigo unapopakiwa, na haiangalii tena. Walirekebisha, wakajaribu kwa kuhamisha mzigo mbele ya Mwansa mwenyewe, na Kalenga akaandika njia ya kufuata ikitokea tena. Kwenye formulaire neno "incident" likaondoka, likaja "naomba musaada". Naye patron alisimama uwanjani mbele ya madereva.

"Tiketi haina azabu," alitangaza. "Hata miye niko na yangu, ya logo."

Kazi ngumu ilibaki kwa Mbambu. Kila simu alijibu, "Fungua tiketi, papa, Kalenga atakusaidia," na kila mara moyo ulimuuma kidogo, kana kwamba anamfukuza mgeni. Simu zikapungua. Zikaisha. Safari hii tiketi zilipanda kwanza, ndipo zikashuka zenyewe, na siku ya kusaini Mbambu aliweka sahihi bila kusita. Kunda akamwachia funguo za système na kuondoka zake.

Alasiri ile mkuu mpya wa support alikaa mezani akitazama simu iliyonyamaza. Alijiona mpweke kama siku aliyofika. Ikalia. Ni Mwansa, toka Kasumbalesa.

"Papa, ulifungua tiketi?"

"Nilifungua, Kalenga alishaimaliza, minaisha kupita barrière ya mpaka. Miye nilitaka tu kukusalimia, Mama. Ulishakula?"