Hina na Mtihani wa Hesabu

Hivi nyie, hina inaweza kumfelisha mtoto hesabu? Basi sie Temeke, enzi za Mwingereza, tuliamini!

Siku ya majibu ya mtihani wa hesabu, mwalimu alitwambia tunyooshe mikono, akahesabu. Wenye hina wengi walikuwa wamefeli. Wasio nayo wengi walifaulu. "Mmeona? Hina inawaharibu vichwa!" Na baba yangu alishaapa, nikifeli nakaa nyumbani.

Muda si muda dada yangu akaolewa. Akanishika mkono, "Njoo mdogo wangu, tupakwe pamoja." Nikauchomoa. "Sitaki, nitafeli!" Akacheka, huku machozi yanamtoka. Ngoma ikapigwa siku saba, nami nikacheza zote saba, shule sikukanyaga.

Mtihani ulipokuja nikafeli, na mikono yangu haina hata doa. Shoga yangu aliyepakwa hina ya Idi, lakini hakukosa darasa hata siku moja, akafaulu. Hapo ndipo nilipoelewa. Wenye hina wengi walikuwa wametoka arusini, na arusi ndiyo iliyowakosesha masomo. Hina ya watu haikuwa na kosa.

Baba akanitoa shule. Dada naye akafariki kwa uzazi mwaka uleule, na mie mkono niliouchomoa sikuwahi kumrudishia.

Mjukuu wangu anasomea ualimu. Nilipomsimulia alilia kuliko mie, kisha akaniahidi, "Bibi, nikiona mambo mawili yanakwenda pamoja, kabla sijamlaumu mtoto nitamuuliza kwanza alikuwa wapi."