Nafasi Waliyoachiwa Majaji wa Nyumbani

Majibu ya serikali yalipofika ofisini niliyasoma nimesimama, mkoba bado begani. Mimi nina hasira za karibu, wenzangu wananijua, lakini siku ile haikuwa hasira. Ilikuwa hofu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja badala ya changu.

Ofisi yetu iko Majengo, ghorofani, juu ya duka la mahindi na alizeti, na Julai upepo wa Dodoma unatupandishia vumbi la nafaka mpaka ndani ya mafaili. Tulikuwa wawili tu: mimi, na wakili mzee aliyewahi kuitetea serikali miaka mingi kabla ya kuja kukaa upande wetu. Faili lililotunyima usingizi lilikuwa la kijana wa Mkonze aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua jirani yao. Mjane wa marehemu alisema alimtambua kwa mwanga wa tochi ndani ya nyumba yao ya tembe. Kijana alisema siku hiyo alikuwa harusini kijiji kingine, na mwenye nyumba ya harusi alikuja mahakamani kulisema hilo. Mahakama Kuu ilimwamini mjane. Mahakama ya Rufani nayo ikamwamini mjane.

Ikabaki mahakama ya haki za binadamu ya bara letu. Tuliwasilisha shauri kabla nchi haijafuta ruhusa ya mtu binafsi kwenda kule mwenyewe, na kwa kuwa lilitangulia, liliendelea kusikilizwa. Tulijua kwamba tukianguka hakuna tena mlango wa kubisha.

Sasa serikali ilikuwa imejibu, na jibu lao lote lilisimama juu ya hoja moja: nafasi ya nchi kujiamulia. Kwa asiye mwanasheria nieleze. Majaji wa mahakama kama ile hawajifanyi kujua mambo ya kila nchi. Yako mambo wanayoiachia nchi iamue, kwa maelezo kwamba aliye nyumbani anayajua mazingira yake kuliko mgeni. Fundisho hili lilikulia Ulaya, likaja kwetu. Nafasi yenyewe si sawa kila mahali. Kwenye mambo ya maadili au usalama huwa pana, kwenye uhai wa mtu hubana, na kwenye mateso haipo kabisa. Na kwenye kupima ushahidi, nani aaminiwe na nani asiaminiwe, ni pana mno, kwa sababu jaji wa nyumbani ndiye aliyemwona shahidi usoni. Majaji wa mahakama ile huingilia tu wakiona kosa la wazi kabisa, au haki iliyopotea mchana kweupe.

Serikali ilidai nafasi hiyo kote kuwili. Kwenye ushahidi: msipime upya, mahakama zetu zimeshapima. Na kwenye adhabu: sheria yetu inasema anayeua kwa kukusudia atanyongwa, jaji hana la kuchagua, na hiyo ni hiari ya taifa.

"Nchi ndiyo inashtakiwa," nilimwambia mzee, nikilipiga lile jibu kwa kiganja, "halafu nchi hiyohiyo ndiyo inajua zaidi! Kesi ya nyani unampelekea ngedere?"

"Punguza sauti, wateja wako ngazini," alisema mzee. "Bila nafasi hiyo, nchi gani ingekubali kushtakiwa? Ukiibana sana inaondoka."

"Wameachiwa nafasi na bado mlango wameufunga!"

Nikaendelea, maana nikianza mimi huwa siishii njiani. Nikamwambia hakuna anayejua nafasi hiyo ina upana gani, leo majaji wanaitanua, kesho wanaibana, na wewe mwenye mteja hujui utakutana nayo ikiwaje. Nikamwambia hayo yanayoitwa mazingira ya nchi mara nyingi ni mawazo ya walio wengi, na anayekimbilia mahakama ya haki za binadamu ni yule aliyezidiwa na walio wengi. Nikamwambia wakati mwingine ni namna ya jaji kukwepa kazi aliyoapa kuifanya.

"Yote ni kweli, yameandikwa hata vitabuni," alisema. "Lakini hayatamtoa mteja wako. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Acha ushahidi, simama na adhabu. Kwenye uhai nafasi yao ni nyembamba, hapo tunawashinda."

Mama wa kijana alikuwa akija kila Jumatatu kutoka Mkonze na karanga kwenye kitambaa. Jumatatu iliyofuata nilimwamkia, nikamkalisha, nikamweleza ushauri wa mzee polepole, maana Kiswahili kwake ni lugha ya pili na mimi Kigogo changu ni cha kuombea maji tu.

"Kwa hiyo huko hamtasema kwamba hakuua?" aliuliza.

"Tutasema wasimnyonge, mama."

"Mkinyamaza, si mmekubali kwamba ameua? Mwanangu, usinifanyie hivyo."

Nilirudi mezani nikaandika hoja zote mbili. Kwenye ushahidi nikamwaga moyo wangu wote. Mimi si Mgogo, lakini nimezaliwa ndani ya tembe, nalijua giza lake: ukuta wa udongo, paa la udongo, dirisha la kupitisha ngumi. Niliandika kwamba asiyeyajua maisha ya uwanda huu wa kati hawezi kuelewa jinsi mtu asivyotambulika mle ndani. Nikaandika jinsi mifugo inavyolala karibu na watu, na mbuzi wakishtuka vumbi linavyotimka hadi tochi haioni kitu. Niliona ni hoja tamu kuliko zote nilizowahi kuandika, nikamkabidhi mzee nikitabasamu.

Aliisoma akavua miwani.

"Binti, jaji aliyesikiliza kesi hii alikuwa wapi?"

"Hapahapa Dodoma."

"Na hawa unaowaandikia?"

Nikanyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Unawaambia kwamba ili kuijua kesi hii lazima uwe umelala ndani ya tembe. Wao wamelala tembe gani? Watasema asante wakili, umetukumbusha, waliolala humo ni majaji wa kwenu, na wameshaamua. Hii ndiyo hoja ya serikali, umewaandikia wewe, tena kwa ufasaha!"

Loo! Sisi wa huku tuna ugonjwa huo, tukitetea kitu chetu tunakimbilia kusema mgeni hakijui. Kama ingetumwa vile, ningemfunga kitanzi mteja wangu kwa mkono wangu. Tulifuta ukurasa mzima. Tukaandika kwamba hatuombi ushahidi upimwe upya, ila tunalalamika kwamba shahidi wa harusi hakupimwa kabisa: hukumu ilimtaja kwa sentensi moja ikampita. Hilo tulisema ni kosa la wazi, na nafasi yoyote ile haiwezi kulifunika. Lakini tangu siku hiyo kila nilipolala nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, nilijiuliza ni mstari gani mwingine umepita bila sisi kuuona.

Tukangoja muda mrefu, wa kutosha mama kuanza kutembea kwa fimbo. Watu walimfariji kwamba siku hizi hakuna anayenyongwa. Ni kweli, miaka mingi haijanyongwa mtu. Lakini sheria ipo pale pale, na kijana aliniambia kila funguo zikilia koridoni kwa saa isiyo ya kawaida, wote wanaacha kupumua.

Siku ilipofika, hukumu ilisomwa kwa mtandao. Tulikaa watatu mbele ya kompyuta yangu, mama katikati, nami nikimtafsiria. Jaji alianza na ushahidi. Alisema mahakama za ndani zina nafasi pana ya kupima ushahidi, kwamba shahidi wa harusi alitajwa na kukataliwa na ngazi zote mbili, na kwamba hawaoni kosa la wazi la kuwafanya waingilie. Hakuna haki iliyokiukwa.

"Wanasemaje?" mama alininong'oneza.

"Subiri kidogo, mama."

Kisha akaja kwenye adhabu. Hapo alisema kuwa nchi ina hiari ya kuchagua adhabu zake, lakini hiari hiyo haifiki mahali pa kumnyang'anya jaji uwezo wa kumtazama mtu aliye mbele yake kabla ya kumtoa uhai. Haki ya kuishi ilikiukwa. Utu wake ulikiukwa. Serikali iliondoe sharti hilo kwenye sheria, na suala la adhabu lisikilizwe upya. Mzee aliinamisha kichwa mezani, nikaona mabega yake yakishuka. Mimi nililia.

"Wamesema hakuua?"

"Wamesema asinyongwe tu hivi hivi, mama. La kuua wamesema si kazi yao, ni ya mahakama za hapa."

"Na za hapa zimesema ameua."

"Ndiyo, mama."

Alifunga kitambaa chake taratibu, akasema Mungu anaona.

Tulikwenda gerezani pamoja kumpa kijana habari. Nilimweleza yote: kwamba amri imetolewa, kwamba hatujui itatekelezwa lini, maana mahakama ile haina askari wa kumlazimisha mtu. Nikamwambia siku tutakayoitwa jaji atakuwa na uhuru wa kuchagua, kifungo au kitanzi, na atataka kusikia umri wake, familia yake, na kama anajuta.

"Nijutie nini?" aliuliza kijana.

Hatia ilikuwa imebaki pale pale, haikuguswa, na jaji wa adhabu angeanzia hapo. Nikamwambia mimi sitamwomba aseme uongo, anaweza kusema anasikitika kwa msiba wa jirani. Lakini nikamwambia na ukweli mwingine, kwamba kuna majaji wakisikia mtu aliyetiwa hatiani bado anakana, wanaona moyo mgumu, na moyo mgumu huwa unalipiwa. Niliogopa hata sauti yangu mwenyewe nikiyasema hayo.

Akatikisa kichwa. "Sikuua. Nitamwambia hivyo na yeye."

Mama alishika ule wavu uliotutenganisha. Nilidhani atamsifu.

"Sema uliua," alisema. "Sema uliua na unajuta. Mimi nataka uwe hai."

Kijana alimtazama mama yake mpaka nikaona haya kuwapo pale. Askari alikuwa amekaribia kutuambia muda umekwisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Basi wakili," alisema, "nifundishe nilimuuaje, nisije nikakosea."