Mabaka ya Gambuti

Sikuyaogopa mabaka yale hata kidogo. Kwa mkulima wa maharage anayeshinda shambani na gambuti masika nzima, kuchubuka miguu ni jambo la kawaida. La kwanza lilitokea juu ya kifundo cha mguu, rangi kama zambarau iliyoiva. Likafuata la kahawia kwenye ugoko, kisha mengine mawili. Yalikuwa yameinuka kidogo, hayaumi, hayawashi. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Malangali, aliyatazama mara moja tu akatoa hukumu: "Gambuti hizo. Zinakubana." Akanipa mafuta ya mgando, akaenda kuchambua ulezi wake.

Mama akishasema, kwetu mjadala umefungwa. Nilipaka mafuta. Mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, suruali zikaanza kunipwaya, na bado kila jirani aliyeuliza alijibiwa na Mama kabla sijafungua mdomo: gambuti. Nilinunua jozi nyingine, kubwa zaidi. Nilijiona mjanja.

Aliyeniumbua ni mke wangu. Asubuhi moja ananimiminia chai, akaniangalia usoni kwa muda, akaweka birika chini.

"Baba watoto, puani una baka."

"Labda nimejigonga."

"Lina rangi ileile ya mguuni. Au siku hizi gambuti unavaa hadi puani?"

Nilicheka, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo. Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali. Mama alikaa kizingitini akakataa kuniangalia nikitoka. Nilidhani amekasirika kwa kuwa hatukumsikiliza.

Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia shikamoo kwa adabu kisha akanishughulikia bila kunionea haya. Alibonyeza baka kwa kidole; rangi haikutoka. Akawasha tochi, akaniambia nipanue kinywa. Kwenye kaakaa, mahali ambapo mtu hajioni, kulikuwa na uvimbe wa zambarau. Akazima tochi. Akasema anataka kunipima virusi vya UKIMWI, na akanieleza sababu: kuna saratani inaitwa Kaposi, hushika mishipa ya damu na kutokeza mabaka kama haya, na hupata nafasi kinga ya mwili ikiwa imeshuka sana.

Virusi vilikuwepo, na kinga yangu ilikuwa imebaki kidogo mno. Mke wangu alipimwa pia, akakutwa salama. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kufa, nikaogopa zaidi kwamba ataondoka. Yeye akamuuliza daktari swali moja tu: "Anaanza dawa lini?" Mpaka leo nikikumbuka swali lile najiona tajiri.

Walikata kipande kidogo cha ngozi kupeleka maabara, na dawa za kufubaza virusi nikaanza bila kusubiri jibu. Jibu lilipokuja lilikuwa lilelile alilokisia daktari. Akasema kwa mtu mwenye mabaka machache ya ngozi, mara nyingine dawa za virusi peke yake hutosha, lakini mimi nina mguu uliovimba, na kinywani pia umeingia. Lazima niende Mbeya nikatundikiwe dripu za saratani.

Tulipoyaeleza hayo nyumbani, ndipo Mama alipoinuka. "Haendi. Nimeshampeleka mmoja." Akaketi tena, akasema bila kututazama: "Kaka yako alikuwa nayo. Mguuni, na mdomoni hivyohivyo."

Kaka alifariki nikiwa mdogo, na kwetu ilisemwa ni kifua. Kumbe Mama aliyajua mabaka yangu tangu siku ya kwanza. Gambuti aliziomba yeye ziwe kweli. Sikumkasirikia. Nilimwambia wakati wa kaka dawa hizi hazikuwepo, leo zipo, na mimi nakwenda. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na nilikuwa nao.

Nilikwenda Mbeya na kurudi, kila baada ya wiki tatu. Nywele zilinitoka zote, watoto wakaniita kipara. Mabaka yakalala, uvimbe wa mguu ukashuka, la puani likabaki kivuli cha kahawia. Dawa za virusi nameza kila siku, na nitazimeza maisha yangu yote.

Niliporudi kutoka kwenye dripu ya mwisho, Mama alikuwa amechemsha maji. Akanisogezea beseni, akaukamata mguu wangu, akaanza kuuosha kwa mikono yake, akipita juu ya kila alama. Nikamwambia mbona najiweza.

"Najua," akasema. "Kaka yako nilimwosha nimevaa mifuko ya nailoni mikononi. Ndivyo tulivyoambiwa. Alikufa sijamgusa."

Nikamwachia na mguu wa pili.